Mzee Anaanguka Usiku Akienda Msalani: Mwongozo wa Kupanga Nyumba kwa Mtu Ambaye Sikio Lake la Ndani Limechoka

Kazi yangu ni mazoezi ya tiba, na sehemu kubwa ya wagonjwa wangu ni wazee waliokwisha kuanguka. Nikifika nyumbani kwao nakuta familia imejitahidi. Zulia limekunjwa, vitu vimeondolewa njiani, mkongojo umenunuliwa. Na bado mzee ameanguka tena, mara nyingi usiku, mara nyingi kati ya kitanda na choo.

Kosa ninalolikuta karibu kila nyumba ni moja: nyumba imepangwa mchana, na mtu ambaye sikio lake ni zima.

Nitatumia mfano wa mama mmoja wa miaka 78. Alianguka mara mbili ndani ya mwezi mmoja, pale pale, kwenye kona ya kutoka chumbani kuelekea msalani. Baada ya kuanguka mara ya kwanza, mwanawe alihamisha kiti na kabati dogo vilivyokuwa njiani ili mama apite vizuri. Siku tisa baadaye akaanguka tena, na safari hii akavunjika kifundo cha mkono. Mwanawe hakuelewa kabisa. Njia ilikuwa nyeupe!

## Kwanza, kwa nini ni usiku

Mwili hujua umesimama wima kwa kuuliza watu watatu. Macho husema ukuta uko wapi. Nyayo na viungo vya miguu husema sakafu imekaaje. Sikio la ndani, lenye mifereji mitatu midogo ya maji na mifuko miwili yenye chembe za chokaa, husema kichwa kimeinama au kimegeuka upande gani. Ubongo hulinganisha majibu hayo matatu na kuirekebisha misuli kabla hata hujatambua kwamba umeyumba.

Umri unapokwenda, chembehai zenye vinywele zinazohisi mwendo ndani ya sikio hupungua, na zikishakufa hazioti tena kwa kiasi cha kusaidia. Mchana mzee hasikii tofauti kubwa kwa sababu macho na nyayo zinambeba. Mzimie taa, mvalishe ndala laini, mpitishe juu ya zulia nene, na hapo umemwachia sikio peke yake, nalo ndilo lililochoka.

Kwa hiyo lengo la kila hatua hapa chini ni kumpa macho kitu cha kuona na nyayo kitu kigumu cha kukanyaga. Mkono ni msaidizi wa nne, na familia nyingi humsahau.

## Vitu vya kuandaa

- Taa ndogo za usiku tatu au nne, ikiwezekana zenye sensa ya mwendo
- Tochi moja
- Tepu ya kunata ya rangi inayopingana na sakafu, upana wa sentimita 5 hivi
- Futi ya kupimia na penseli
- Vyuma vya kujishikilia viwili au vitatu, pamoja na skrubu na plagi za ukutani zinazoendana na ukuta wenu
- Mkeka wa mpira usioteleza kwa bafuni
- Viatu vya ndani vyenye soli nyembamba, ngumu kiasi, vinavyofunga kisigino
- Daftari na kalamu

Fundi wa kutoboa ukuta atahitajika siku moja tu. Mengine yote familia inaweza kuyafanya.

## Hatua ya 1: Ulizia kizunguzungu chenyewe

Usianze na nyundo. Anza na swali, kwa sababu kuna aina ya kizunguzungu inayotibika kabisa, na ukiikosa utabandika taa nyumba nzima bila faida.

Mama yule nilimwamkia, nikakaa, nikamwomba anisimulie. "Nikisimama sizunguki, mwanangu," akasema. "Ni kama niko kwenye mtumbwi. Nikigusa ukuta, mtumbwi unatulia."

Jibu hilo lina maana kubwa. Kuyumba bila kuzunguka, kunakozidi gizani na kutulia ukigusa kitu, ndiyo sura ya sikio lililopungukiwa nguvu pande zote mbili.

Mwingine angesema: "Nikijigeuza kitandani chumba chote kinazunguka, halafu kinaacha." Mzunguko wa chini ya dakika moja, unaokuja kichwa kikibadili mkao, kwa kawaida ni chembe za chokaa zilizotoka kwenye mfuko wake na kuingia kwenye mfereji. Mtaalamu aliyefundishwa huzirudisha kwa kukigeuza kichwa kwa mpangilio maalumu, pengine kwa kikao kimoja au viwili. Usijaribu mwenyewe kwa mzee mwenye matatizo ya shingo.

Wa tatu angesema macho huingia giza anaposimama tu. Huyo apimwe presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama, ndani ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, tatizo liko kwenye presha, na mara nyingi dawa anazotumia zinahitaji kuangaliwa upya na daktari.

Uliza pia kuhusu dawa za usingizi na dawa za kutuliza kizunguzungu. Za kutuliza kizunguzungu zinafaa siku chache za mwanzo. Zikimezwa miezi na miezi, nyingi hulegeza ubongo na kuuzuia kujifunza kufidia kilichopotea. Zisikatishwe ghafla, lakini muulize daktari.

Onyo: Kizunguzungu cha ghafla pamoja na mdomo kupinda, maneno kukwama, kuona vitu viwili viwili, mkono au mguu kulegea, au kushindwa kabisa kusimama, ni cha kukimbiza hospitali saa hiyo hiyo. Sikio moja kuziba usikivu ghafla nalo lisisubiri kesho.

Umefaulu ukiwa unaweza kueleza kwa sentensi moja ni lini hasa mzee anayumba.

## Hatua ya 2: Pita njia yake, saa ile ile

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo iliyo na majibu. Usiku, taa zikiwa zimezimwa kama yeye anavyozizima, kaa kwenye kitanda chake. Subiri dakika kadhaa. Kisha nenda msalani polepole, tochi ikiwa mfukoni kwa dharura.

Tazama swichi iko umbali gani na mto. Hesabu mara ngapi umegeuka. Gusa sakafu kwa unyayo mtupu na uone inapobadilika kutoka ngumu kwenda laini, au pale penye kizingiti.

Kisha washa tochi na uimulike kuta kwa ubavu. Utaona alama za mikono: madoa ya mafuta, rangi iliyokwaruzika, pembe ya mlango iliyong'aa. Pale ndipo mzee anapojishikilia kila usiku, na ni ramani ambayo hata yeye mwenyewe hawezi kukuchorea.

Kwa mama yule, alama zilikuwa kwenye fremu ya mlango, halafu zikakatika kwa karibu mita 2, halafu zikaanza tena kwenye mlango wa msalani. Kile kipande kisicho na alama kilikuwa mahali kiti na kabati vilipokuwa vimesimama. Mwanawe alikuwa amemwondolea mama vitu vya kushika. Kabati lilikuwa kizuizi, ndiyo, na pengine ndilo lililomkwaza mara ya kwanza. Lakini pia lilikuwa fimbo yake, na halikuwekwa kitu kingine badala yake.

Chukua penseli na utie alama kila pahali mkono wake unapogusa, na kila pahali unapotaka kugusa na haupati kitu.

Onyo: Usiondoe samani yoyote iliyopo kwenye njia ya mzee kabla hujajua mkono wake unashika nini hapo.

Umefaulu ukiwa na mchoro wa njia wenye hatua, kona, vizingiti na alama za mikono.

## Hatua ya 3: Mwanga wa chini, usiokatika

Jicho la mzee huingiza mwanga mdogo kuliko la kijana, na huchukua muda mrefu zaidi kuzoea giza. Huchukua muda pia kuzoea mwanga mkali. Taa kubwa ya dari ikiwashwa ghafla saa nane usiku humfanya afumbe macho, kisha akiizima anarudi kitandani akiwa kama kipofu.

Weka taa ndogo usawa wa kifundo cha mguu au chini ya goti, zikimulika sakafu. Mwanga wa rangi ya njano ni bora kuliko mweupe mkali. Ya kwanza iwe karibu na kitanda, iwake miguu inaposhuka. Ya pili iwe kwenye kona, kabla ya kugeuka na si baada. Ya tatu mlangoni mwa msalani, ya nne ndani.

Kanuni ninayoitumia ni kwamba akisimama kando ya taa moja, aione inayofuata. Zikiwa za sensa, jaribu kama zinabaki zimewaka kwa muda wa kutosha. Mzee hukaa chooni, taa inazima yeye akiwa bado ndani, anasimama gizani. Weka muda mrefu kabisa unaoruhusiwa, au tumia taa inayowaka usiku kucha.

Umeme ukikatika je? Tochi ining'inie kwenye kamba upande wa mkono wake wenye nguvu, mahali asipohitaji kuinama kuitafuta. Kuinama na kupapasa ni mwendo wa kichwa, na kichwa ndicho kinachomyumbisha.

Umefaulu ukiwa unaweza kuona ncha za vidole vya miguu yako njia nzima, bila kivuli kikubwa hata pahali pamoja.

## Hatua ya 4: Sakafu na viatu vya kuipa miguu habari

Watu wengi hudhani sakafu laini ni salama kwa mzee. Kuangukia zulia ni afadhali kuliko kuangukia saruji, hilo kweli. Lakini zulia nene huficha habari za nyayo, na anayeanguka juu yake pengine asingeanguka kabisa bila hilo zulia. Kliniki sisi humsimamisha mgonjwa juu ya sponji akiwa amefumba macho ili kuona sikio peke yake linaweza nini. Usilifanye jaribio hilo nyumbani. Lakini elewa kwamba zulia nene gizani ni jaribio hilo hilo, na analifanya kila usiku.

Ondoa mazulia madogo yasiyofungwa. Lile kubwa la chumbani, kama haliondoki, libandikwe kingo zote. Kizingiti na kila ngazi ipate mstari wa tepu ya rangi inayopingana na sakafu, kwenye ukingo wenyewe, kwa sababu vigae vya rangi moja havimwambii jicho kwamba kuna kushuka.

Viatu: soli nyembamba, isiyoteleza, kisigino kimefungwa. Ndala na viatu vya kutumbukiza mguu humlazimisha kukunja vidole ili visivuke, na hatua inakuwa ya kuburuta. Soksi tupu kwenye vigae siziruhusu kabisa. Viatu viwekwe pale nyayo zinapotua anapokaa kitandani, vikiangalia mbele.

Jambo dogo kuhusu miwani: ile yenye sehemu ya chini ya kusomea huifanya sakafu na ngazi zionekane zimefifia. Ya kutembelea iwe ya kuona mbali tu.

Umefaulu ukiwa unapita njia yote kwa unyayo mtupu na hukuti pahali panaposogea, panapobonyea au panapopanda ghafla.

## Hatua ya 5: Vyuma vya kujishikilia

Turudi kwenye penseli. Kila alama uliyotia ni pendekezo la chuma.

Msalani, mkalishe mzee chooni na umwambie ajaribu kunyanyuka. Tazama mkono unakimbilia wapi. Kwa watu wazima wengi, chuma cha mlalo pembeni ya choo hukaa kati ya sentimita 84 na 91 kutoka sakafuni, lakini mwili wake ndio uamue. Bafuni, kimoja kiwe cha wima pale anapoingilia, kuanzia usawa wa kiuno hadi bega. Unene wa sentimita 3 hadi 4 unamwezesha kukizungusha vidole, na kutoka ukutani kiache nafasi ya sentimita 4 hivi, ili vidole vipite lakini mkono mzima usinase.

Kwenye ile nafasi ya mita 2, mama yule tulimwekea mkono mrefu wa ukutani, yaani reli ya kujishikilia, usiokatika, kutoka fremu ya mlango hadi msalani, ukifuata kona. Kugusa kwa vidole tu kunatosha kumpa ubongo habari ya wima ulipo. Ndiyo maana alisema mtumbwi unatulia.

Onyo: Chuma cha kutundikia taulo kitang'oka. Vile vinavyonata kwa mpira huachia bila kuaga, hasa kwenye vigae vyenye mistari. Ukuta wa matofali yenye matundu au wa mbao nyembamba unahitaji fundi anayeujua. Fundi akimaliza, mtu mzima mzito kuliko wote nyumbani akivute kwa uzito wake wote, kabla mzee hajakigusa.

Pima na kitanda. Akikaa ukingoni, nyayo zote zikae sakafuni na nyonga ziwe usawa wa magoti au juu kidogo. Kitanda kifupi mno humtupa mbele anaponyanyuka.

Umefaulu ukiwa mzee anatoka kitandani hadi chooni bila mkono kukaa mtupu zaidi ya hatua moja.

## Hatua ya 6: Mfundishe kuamka na kugeuka

Nyumba ikishakuwa tayari, mwendo wenyewe hubaki. Mfundishe mchana, mara nyingi, hadi uwe mazoea.

Akiamka ageuke ubavu, ajisukume kwa mkono, akae ukingoni. Apige nyayo juu na chini mara 10. Akae hadi chumba kitulie, dakika moja si nyingi. Asimame akiwa ameshika kitu, ahesabu hadi 10, ndipo aondoke.

Kwenye kona asizungushe kichwa kabla ya miguu. Ageuke mwili mzima kwa hatua ndogo ndogo, macho yakiwa yameshika kitu kimoja kisichotikisika mbele yake, mfano taa ya mlangoni. Mama yule alianguka mara zote mbili akiwa ametupa kichwa upande kutafuta swichi huku mguu mmoja ukiwa hewani.

Zoezi moja la sikio naliweka hapa kwa sababu ni rahisi. Bandika karatasi yenye herufi moja kubwa ukutani, usawa wa macho, umbali wa mkono mmoja. Akiwa amekaa, aitazame herufi huku akigeuza kichwa kushoto na kulia kidogo kidogo, kwa kasi ambayo herufi bado inasomeka. Sekunde 30 kwa kuanzia, mara 3 kwa siku, akiongeza hadi dakika moja. Kizunguzungu kidogo kinachoisha ndani ya dakika 15 hivi kinakubalika. Kikikaa saa nzima, umezidisha. Shingo ikiuma, acha na umwone mtaalamu.

Umefaulu ukiwa anafanya mpangilio wote bila wewe kumkumbusha. Kwa mama yule ilichukua wiki mbili, na alilalamika siku zote 14 kwamba namfanya mtoto.

## Hatua ya 7: Akianguka tena

Usimvute. Muulize panauma wapi na utazame miguu. Mguu mmoja ukiwa mfupi kuliko mwingine na umegeukia nje, nyonga huenda imevunjika: mfunike, usimnyanyue, tafuta gari la wagonjwa. Kama amegonga kichwa na anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, apelekwe hospitali hata akisema yuko sawa, kwa kuwa damu inaweza kuvuja kichwani taratibu kwa saa nyingi.

Kama hana jeraha, mletee kiti imara. Ageuke ubavu, ainuke kwa kiwiko, apige magoti, aweke mikono miwili kwenye kiti, atangulize mguu wenye nguvu, ajisukume, kisha ageuke akae. Wewe ni wa kushika kiti tu.

Halafu andika kwenye daftari: saa, pahali, alikuwa anageukia wapi, amevaa nini miguuni, taa ipi ilikuwa inawaka. Kukaribia kuanguka kuandikwe pia. Mistari mitano au sita ya namna hiyo humsaidia daktari kuliko "mama anaanguka anguka."

## Baada ya mwezi mmoja

Kuta za njia zioshwe au zipakwe rangi siku vyuma vinapofungwa. Hapo utakuwa na ukurasa mtupu. Baada ya wiki nne rudi usiku na tochi, umulike kwa ubavu kama mwanzo.

Kwa mama yule, mkono wa ukutani ulikuwa umeng'aa urefu wote, na ukuta ulikuwa safi, isipokuwa doa moja nyuma ya mlango wa msalani, usawa wa bega. Tulipomuuliza alicheka: ndipo anapojishikilia akifunga mlango. Siku iliyofuata fundi alirudi na chuma cha nne.